Mpanda Farasi wa Panga katika nafasi ya kizuizi: ni mwenzangu kazini au ni ulimi wangu?

Mshika Daftari: Wakuu, naomba mnisaidie kusoma karata tatu za taroti. Nipo idara ya uhasibu, na mwenzangu mmoja ana tabia ya kumpelekea meneja taarifa kabla hatujalinganisha hesabu na za benki. Mwezi uliopita alipeleka taarifa ambayo malipo ya mzabuni mmoja yaliingizwa mara mbili, nami nikamwambia mbele ya kikao kizima kwamba anatuaibisha. Tangu hapo hatusemeshani, ni barua pepe tu. Nilitandika karata za Rider-Waite kwa mpangilio wa hali, kizuizi na ushauri. Hali ilikuwa Tatu ya Sarafu, kizuizi Mpanda Farasi wa Panga akiwa wima, na ushauri Nne ya Panga. Nilidhani mara moja kwamba huyo mpanda farasi ni yeye, lakini sasa ninasita. Nitajuaje anayesemwa?

Kusi: Karata za watu husimama badala ya watu, ndugu yangu. Mpanda farasi ni kijana wa kiume, na panga ni maneno, kwa hiyo tafuta kijana msemaji hapo ofisini. Kama mwenzako ni kijana, jibu umeshalipata.

Mshika Daftari: Mwenzangu ni mama wa makamo.

Bi. Mkunazi: Kusi yuko sahihi kwamba panga ni fikra na maneno, ila suala la umri na jinsia lisitufunge. Waite mwenyewe, aliyeziandaa karata hizi zilizotoka mwaka 1909, aliagiza mpanda farasi amwakilishe mwanamume wa miaka 40 na kuendelea, na mfalme awe wa chini ya hapo, kinyume na wanavyosoma wengi leo. Aligawa hata rangi za nywele: wenye nywele nyeusi aliwapeleka kwenye Sarafu, kwa hiyo kwa kanuni hiyo karibu sote hapa tungekuwa Sarafu. Mimi kanuni hiyo niliiacha zamani.

Mshika Daftari, itazame picha aliyoichora Pamela Colman Smith. Farasi anakwenda mbio, upanga umeinuliwa, miti inapindwa na upepo, lakini anayeshambuliwa haonekani popote. Karata inaonyesha mwendo, yaani neno au tendo lililotoka kabla ya kupimwa, na mwendo huo umetokea mara mbili katika kisa chako: taarifa iliyopelekwa bila kulinganishwa, na karipio lililotolewa kikaoni. Ndiyo maana unasita.

Kinachonisaidia mimi ni karata ya tatu. Ushauri hupewa aliyeuliza, na wewe umepewa Nne ya Panga, ambayo pia inamwonyesha shujaa mwenye silaha, safari hii amelala juu ya kaburi, mikono imekutana kifuani, panga tatu zikining'inia ukutani na moja ikiwa chini yake. Ni jamii ileile ya karata, ila mwendo umesimama. Kwa hiyo ningesoma kizuizi kama namna yako ya kumjibu, bila kudai kwamba yeye hana kosa. Jambo la kufanya ni dogo: barua pepe inayomhusu iandike, uilaze hadi kesho yake asubuhi, kisha uisome tena kabla ya kuituma.

Mama Pili: Mimi karata hiyo ilinitokea kichwa chini nilipogombana na wifi yangu, nikaambiwa ni ukosefu wa busara. Geuza karata zako, dada, pengine nawe ni hivyo.

Bi. Mkunazi: Yake ilikuwa wima, Mama Pili, na karata haigeuzwi baada ya kutoka.

Fundi wa Pwani: Bi. Mkunazi, hapa sikubaliani nawe kabisa. Waite aliiandikia karata hii ikiwa wima ustadi na ushujaa pamoja na hasira, ilhali kukosa busara alikuweka kichwa chini. Malipo yaliyoingizwa mara mbili ni fedha, na mtu alipaswa kusema. Tatu ya Sarafu ina fundi aliye kazini, na mbele yake wawili, mmoja ameshika ramani, wakizungumza naye, maana yake kazi inakaguliwa ingali mikononi. Naona kizuizi ni kwamba ukaguzi umekuja baada ya taarifa kuondoka, na hilo halitatibiwa na barua pepe zilizolazwa. Wakubaliane kwamba taarifa haiendi kwa meneja bila saini mbili.

Bi. Mkunazi: Kuhusu Tatu ya Sarafu umenifungua macho. Hata hivyo, nani atalipeleka pendekezo la saini mbili, na kwa sauti gani? Hapo ndipo mpanda farasi anaporudi.

Mshika Daftari: Ahsanteni. Rasimu ya pendekezo la saini mbili nimeiandika na sijaituma. Ila nina swali: nikitandika karata nyingine kuuliza yeye anafikiri nini, itafaa?

Bi. Mkunazi: Mimi sitandiki kuuliza yaliyo moyoni mwa mtu asiyekuwapo, kwa sababu utakachosoma ni dhana yako juu yake. Uliza ni lipi lililo mikononi mwako.

Kusi: Wengine tunatandika, na hutusaidia.