Mwea: wakulima waache kufurisha maji majarubani?

Mkaazi_Kasarani: Mpunga wa Mwea unakunywa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi msimu mzima, na majaruba yale hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Kuna hiki kilimo shadidi kinachotumia maji kidogo na mavuno yakazidi maradufu. Kwa nini kisifanywe lazima kwa kila mkulima?

Kip_Langata: Naunga mkono. Padri mmoja Mfaransa, Laulanié, alikianzisha Madagaska miaka ya 80, na watu wakavuna tani 15 kwa hekta. Kililetwa Mwea mwaka 2009. Tangu hapo ni uvivu tu wa wakulima unaotuchelewesha.

Mama_Wanguru: Mvivu ni nani, kaka? Mimi naishi Kayole lakini shamba letu liko Mwea na msimu wote niko huko. Umewahi kupandikiza mche wa siku 10? Una majani mawili, laini kama uzi. Unaupanda mmoja peke yake, kwa kamba, sentimita 25 kila upande. Wapandaji wetu wamezoea miche ya wiki nne, wanashika mitatu minne wanadidimiza. Ukiwaambia mmoja mmoja wanaongeza bei. Halafu maji yakitoka, magugu yanaota. Maji yale unayoyalaumu ndiyo dawa yetu ya magugu.

Kip_Langata: Kuna mashine ya kusukuma ya kupalilia, mama. Tusitafute visingizio.

Mama_Wanguru: Mashine inapita kati ya mistari tu. Gugu lililo ubavuni mwa mche linang'olewa kwa mkono. Njoo uinamie ekari moja, kisha uniambie habari za visingizio.

Fundi_Mfereji: Kip, hizo tani 15 ziache. Watafiti wamezipinga vikali tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mara nyingi shamba la kulinganishia lilikuwa na miche iliyozeeka, mbolea haba na palizi mbovu. Ukilinganisha na mkulima hodari wa mafuriko, pengo linapungua sana, pengine linakwisha. Maji na methani ndiyo hoja nzito, na zote zinatokana na kukausha, si kupanda kwa mraba. Vijidudu vinavyotengeneza methani vinaishi kwenye tope lisilo na hewa. Ukikausha jaruba mara kadhaa hewa inaingia, na methani hupungua karibu nusu ya ile ya jaruba lililofurika muda wote. Lakini ukirusha yurea ovyo wakati udongo unalowa na kukauka, unaongeza oksidi ya naitrasi, nayo ni gesi kali kuliko methani.

Pilau_Eastleigh: Mnabishana maji huku Pishori ya Mwea ninayonunua haina harufu hata kidogo. Hebu mtuambie nani anaichanganya na mchele wa nje.

Mama_Wanguru: Mwulize muuzaji wako, ndugu. Ila umegusa kidonda. Mchele wa nje ukiitwa Pishori, bei yangu inashuka, na pesa ya palizi naitoa wapi?

Mkaazi_Kasarani: Fundi, sasa mkulima anajuaje amekausha vya kutosha?

Fundi_Mfereji: Chukua paipu ya plastiki ya sentimita 30, pana kiasi cha kuona ndani. Toboa matundu upande wa chini, izike sentimita 20, kisha utoe udongo ulioingia. Chungulia kila siku. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, rudisha maji ya kina cha sentimita tano. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baadaye usikaushe kabisa, maana punje zitakuwa kapi. Na udongo mweusi wa Mwea una tabia yake. Ukipita kiasi unapasuka nyufa za kuingiza vidole, na maji unayorudisha yanapotelea humo kabla ya kufika mwisho wa jaruba. Hapo hujaokoa kitu. Nyufa nyembamba kama nywele ni ishara kwamba umefika.

Kip_Langata: Basi tatizo liko wapi? Paipu ni bei rahisi.

Fundi_Mfereji: Ada ya maji inatozwa kwa ekari. Anayekausha na anayefurisha wanalipa sawa. Maji anayookoa mkulima wa juu ya mfereji anayafaidi wa chini.

Mama_Wanguru: Mimi ndiye wa chini! Zamu yangu ikifika, wa juu wameshachepusha mfereji usiku. Mnaniambia ningoje maji yashuke sentimita 15 ndipo nirudishe. Nirudishe yapi? Nikipata maji nayafungia, kwa sababu sijui yatarudi lini, na yakichelewa wakati wa kuchanua nimepoteza msimu.

Mkaazi_Kasarani: Kwa hiyo sheria ianzie kwa wa juu?

Kip_Langata: Wa juu nao watasema wao si wezi.

Mama_Wanguru: Nipewe ratiba ya zamu isiyovunjwa msimu mmoja mzima, nitaizika hiyo paipu. Kabla ya hapo, msinitungie sheria mkiwa Nairobi.