Eti "kanunue kamera nyingine"! Hawa watu wa laini wanatuona mabwege

MtuWaWaya: Wakuu, mnawajua, sitawataja. Mtu unawaeleza vizuri: kamera inafunguka nikiwa kwenye waifai ya nyumbani, nikiwa nje haifunguki, na poti 554 ipo wazi kwenye ruta ya laini. Huduma kwa wateja wanajibu: "Kamera yako mbovu, kanunue nyingine." KANUNUE NYINGINE! Kamera inayoonyesha mpaka mbu aliyetua ukutani!

Ingia kwenye ukurasa wa ruta usome WAN IP: 100.72.14.9. Fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako: 203.0.113.45 (hii nimeibadilisha, msihangaike kuidukua). Namba mbili tofauti! Hiyo ya pili iko kwenye mtambo wao, na tunaichangia ukoo mzima wa wateja. Kufungua poti kwenye ruta yangu ni kufungua mlango wa chumbani wakati geti la nje limefungwa na ufunguo wanao wao. Halafu kamera ndiyo mbovu. Kanunue!

bado_nipo: Povu lote hilo 😂 Weka jina la DDNS, kazi imeisha.

MtuWaWaya: Jina litaelekeza wapi wewe? Kwenye geti lao!

Fundi_Kimya: Ni kweli, DDNS hapa haisaidii. Inafaa pale ambapo anwani ni yako lakini inabadilikabadilika. Hapa jina litaonyesha 203.0.113.45, ombi litafika kwenye mtambo wa kampuni na kutupwa. Mtambo unakumbuka tu mazungumzo yaliyoanzishwa na mteja kutoka ndani. Ombi lililoanzia nje halina rekodi, kwa hiyo haujui ni la nani kati ya wateja wote hao.

WAN IP ikianzia 100.64 mpaka 100.127, ujue uko kwenye anwani ya pamoja. Fungu hilo lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Wengine hupewa 10 kitu, matokeo ni yaleyale. Ukitaka kusoma zaidi, tafuta CGNAT.

Kiroboto99: Uongo huo. Kamera yangu natazama popote kwa laini ya kawaida na sijafungua poti hata moja. Mtoa mada kubali tu, kanunue nyingine 😂😂

Fundi_Kimya: Yako ni ya aplikesheni. Kamera ndiyo inayopiga hodi kwenye seva ya mtengenezaji, na simu nayo inakwenda hukohuko, wanakutanishwa. Safari zote mbili zinaanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo mtambo hauna kipingamizi. Seva ya mtengenezaji ikizimwa, umebaki na pambo.

bado_nipo: Basi alipie static IP.

Fundi_Kimya: Aulize vizuri kabla ya kulipa. Isiyobadilika si lazima iwe ya umma. Unaweza kuuziwa 10 kitu isiyobadilika milele, na nje isifikike vilevile.

Njia ya uhakika ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, kisha nyumbani kompyuta ndogo iifungulie njia kwa programu ya WireGuard. Upande wa nyumbani, sehemu ya seva iwe hivi:

```
[Peer]
PublicKey = <ya seva>
Endpoint = 203.0.113.10:51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa mwisho ndio watu huusahau. Mtambo ukiona kimya unafuta rekodi, wakati mwingine ndani ya nusu dakika tu. Hiyo 25 inatuma salamu kila sekunde 25 ili rekodi isifutwe. Dalili ya kuusahau: inakubali ukiwasha tu, ukiiacha ikapoa haifikiki kutoka nje, mpaka kitu cha nyumbani kitume chochote.

MtuWaWaya: Kwa hiyo nilipie laini, nilipie na seva, ili nione geti langu? Na wao wamemaliza kwa kanunue nyingine!

dada_bando: Subiri bando likuzindue. Picha ya megabiti 2 kwa sekunde inakula karibu MB 900 kwa saa. Ukiiacha wazi siku nzima ni GB 21 na ushee.

Fundi_Kimya: Ndiyo maana irekodi kwenye kadi hukohuko nyumbani, utazame kwa mbali pale tu panapohitajika.

Kiroboto99: Vipi IPv6? Simu yangu inayo.

Fundi_Kimya: Hapo kila kifaa kinaweza kuwa na anwani yake ya umma, ila kampuni nyingine huzuia maombi ya kutoka nje hata huko. Jaribu ukiwa kwenye mtandao mwingine wenye IPv6.

dada_bando: Mmeligusa bando na mmelipita. Lile la usiku linaloisha kabla hujalala, nalo mnawajua?

bado_nipo: HAO HAO! Mimi la wiki limeyeyuka simu ikiwa mfukoni.

Kiroboto99: Kanunue simu nyingine.