Wapangaji wameambiwa pango lipelekwe mamlaka ya mapato: kulipa kwa mkupuo, kuomba awamu, kuweka pingamizi au kuacha wakatwe?

MtotoWaChuno
Habari za jioni wakuu. Mama ana fremu tatu hapa Mtwara mjini, mimi ndiye ninayemsimamia. Wiki hii wapangaji wote wamepokea barua kwamba kuanzia sasa pango lisilipwe kwa mama, lipelekwe mamlaka ya mapato mpaka deni lake liishe. Deni ni 3,000,000. Kati ya hizo kodi yenyewe ni 2,160,000, riba na adhabu 840,000. Wamepiga 10% ya pango la fremu zote kwa miaka mitatu.

Fremu zenyewe: vipuri vya bodaboda analipa 150,000 kwa mwezi, saluni 200,000, na kampuni ya pembejeo 250,000 lakini wao wanalipa mwaka mzima kwa mkupuo, wameshalipa hadi Juni. Mama anaishi kwa hilo pango. Makadirio yaliletwa mwaka jana, barua ilikuwa kwenye kabati. Naona njia nne kama nilivyoandika kwenye kichwa cha habari. Ipi nafuu?

Kitangali_Asilia
Mkuu, mkataba wa pango ni kati ya mama na mpangaji. Mtu wa tatu hawezi kuingia tu katikati. Mwambie mpangaji aendelee kumlipa mama, halafu ninyi mwende mkaweke pingamizi. Ukishaweka pingamizi lazima wasimame, hiyo ni haki yako kisheria.

Mhasibu_Mstaafu
Ndugu wa Kitangali, pingamizi lipo kweli, ila hapo juu umempeleka kijana pabaya.

Sheria ya usimamizi wa kodi inampa Kamishna Mkuu uwezo wa kumwandikia yeyote mwenye fedha za mdaiwa, au anayetarajiwa kumlipa mdaiwa, azilete kwake. Mpangaji ni mtu wa namna hiyo, na benki pia. Akishapokea barua kisha akampa mama pango kimyakimya, yeye mwenyewe anaweza kudaiwa kiasi kilekile. Kijana wa vipuri atalipa mara mbili kwa ajili ya ushauri wako. Akilipa mamlaka, amemaliza wajibu wake kwa mama kwa kiasi hicho. Mama hawezi kumfungia fremu akidai hajalipwa.

Kuhusu pingamizi, siku ni 30 tangu makadirio yamfikie mlipakodi. Barua waliyopewa wapangaji, yaani hati ya uwakala, ni ya kukusanya deni, si makadirio mapya, kwa hiyo haizianzishi siku upya. Ndani ya muda huo pia unatakiwa utangulize theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Makadirio ya mwaka jana yaliyokaa kabatini yameshapitwa. Unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu nzito, kama mama alikuwa amelazwa au hakuwepo nchini. Kabati si sababu.

Sasa swali kwako, MtotoWaChuno. Hiyo kampuni ya pembejeo inapolipa, inatoa 3,000,000 kamili kwa mwaka au pungufu?

MtotoWaChuno
Shikamoo mzee. Wanatoa 2,700,000. Mama husema kampuni "inakata cha serikali".

Mhasibu_Mstaafu
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia kabla ya kuchagua njia yoyote. Hiyo 300,000 ni kodi ya zuio, 10% ya pango, ambayo mpangaji mfanyabiashara anakata na kuiwasilisha kwa niaba ya mama. Kama wamekata kwa miaka yote mitatu, ni 900,000. Mamlaka imepiga 10% kwenye fremu zote tatu, maana yake fremu ya pembejeo imehesabiwa kana kwamba haijatoa kitu.

Nenda kampuni uombe vyeti vya kodi ya zuio vya miaka hiyo. Uangalie jina na TIN ya mama. Nimeona vyeti vimeandikwa "mwenye nyumba Chikongola", basi, na fedha inaelea huko bila mwenyewe. Vyeti vikiwa sawa, kodi yenyewe inashuka kutoka 2,160,000 hadi 1,260,000, na riba inabidi ipigwe upya kwa sababu ilikuwa inahesabiwa juu ya fedha zilizokwishalipwa. Kama kampuni ilikata ikakaa nazo, hilo ni shauri jingine, lakini bado una ushahidi.

BiZuhura_Mikindani
Mbona mie sielewi. Kodi ya nyumba si inakatwa kwenye LUKU? Mie kila mwezi 1,500 inaondoka nikinunua umeme. Sasa hii 3,000,000 imetoka wapi tena? Au mama yako hana mita yake?

KoroshoGhafi
Bi Zuhura, ile ya LUKU ni kodi ya jengo, hata ukiishi mwenyewe humo inakatwa. Hii anayosema kijana ni kodi ya kipato anachopata mama kwa kupangisha. Hazihusiani.

BiZuhura_Mikindani
Haya. Lakini mie nimepangisha vyumba viwili uani, sijawahi kuletewa karatasi.

DadaWaMtanda
Nami niseme la upande wa mpangaji, maana yalinikuta hapa Lindi. Nilikuwa nimelipa pango la miezi 12, mwezi wa tatu nikaletewa barua kama hiyo. Nikajua hainihusu kwa kuwa sina deni na baba mwenye nyumba, nikaiweka. Baadaye nikafuatwa dukani kwa nini sijajibu. Nikapeleka barua fupi pamoja na nakala ya mkataba na stakabadhi ya benki, wakaelewa. Kwa hiyo hiyo kampuni ya pembejeo isikae kimya eti imeshalipa hadi Juni. Ijibu kwa maandishi kwamba kwa sasa haina fedha ya mama, na muda ukiisha itatoa taarifa.

Mhasibu_Mstaafu
Dada wa Mtanda kasema kweli tupu. Wajibu mapema, wagongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yao.

Tuje kwenye hizo njia. Kulipa kwa mkupuo ni safi kama fedha ipo. Riba inajikusanya kila mwezi juu ya riba ya nyuma, kwa hiyo anayelipa leo anaikata hapo. Ila msikope kwa mtu wa mtaani kwa riba ya mwezi ili mkimbie riba ya serikali, mtakuwa mmehama tu.

Kuacha wakatwe watu wengi wanaiona ya kivivu, lakini ina hesabu yake. Vipuri na saluni wanatoa 350,000 kwa mwezi. Kwa deni la 3,000,000 ni karibu miezi tisa, na mama hapati hata senti kwa muda wote huo. Tena riba haisimami. Faida yake ni kwamba hakuna anayesahau kulipa. Ukiichagua, hakikisha namba ya malipo anayopewa mpangaji imetengenezwa kwa TIN ya mama. Ikitoka kwa TIN ya mpangaji, deni la mama linabaki vilevile na mpangaji anaonekana amelipa kodi yake mwenyewe. Kila mwezi omba nakala ya stakabadhi, uilinganishe na salio.

Mimi ningekwenda kwenye awamu, lakini baada ya vyeti. Kwa 1,260,000, toa 360,000 siku ya barua, zibaki 900,000, yaani 150,000 kwa miezi sita. Katika ile 350,000 mama anabaki na 200,000 ya kula.

KoroshoGhafi
Mzee, naongeza kidogo. Saluni na bodaboda wa mji huu hupumua korosho ikianza kuuzwa. Kuanzia minada ya Oktoba hela inaonekana, kabla ya hapo ni msoto. Kama barua inaandikwa sasa, kwa nini asiombe kidogo kidogo hadi Septemba, halafu kikubwa Oktoba na Novemba?

Mhasibu_Mstaafu
Inawezekana, na ukieleza sababu hiyo afisa wa Mtwara atakuelewa bila kamusi. Ila awamu za kupanda zinakataliwa zaidi ya zile sawasawa, kwa sababu zinaonekana kama kusogeza mbele. Na ukikosa awamu moja, makubaliano yanaweza kufutwa, deni lote likadaiwa papo hapo. Andika kiasi ambacho hata mwezi mbaya kinatoka.

Barua ningeiandika hivi:

*Kwa Meneja wa Mkoa, Mamlaka ya Mapato Tanzania, Mtwara.*

*YAH: MAOMBI YA KULIPA DENI KWA AWAMU NA KUONDOLEWA KWA HATI ZA UWAKALA KWA WAPANGAJI. TIN: … KUMB. NA.: …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimepata taarifa ya hati mlizowapa wapangaji wangu watatu kuhusu deni la shilingi 3,000,000.*

*Katika kodi ya 2,160,000, shilingi 900,000 zilikwishazuiwa na mpangaji wangu kwa miaka hiyo mitatu. Naambatisha vyeti vya kodi ya zuio na mikataba. Naomba kiasi hicho kiondolewe na riba ikokotolewe upya.*

*Kiasi ninachokikubali ni shilingi 1,260,000. Leo nalipa 360,000. Kinachobaki nitalipa 150,000 kabla ya tarehe 10 ya kila mwezi kwa miezi sita.*

*Naomba hati za wapangaji ziondolewe baada ya malipo ya leo. Ikiwa hilo haliwezekani, naomba zipunguzwe ili wapangaji wapeleke jumla ya 150,000 tu kwa mwezi.*

*Kuhusu riba na adhabu, naomba Kamishna Mkuu atumie mamlaka yake kunisamehe kwa sababu zifuatazo: …*

*Wako mtiifu.*

Angalia mambo mawili humo. Hujaandika "nakiri deni la 3,000,000", umekiri unachokijua. Na ombi la mwisho kuhusu hati lina mlango wa pili. Wakikataa kuziondoa, kuzipunguza bado kunamwachia mama unga.

Kitangali_Asilia
Sawa, nimekubali hilo la mpangaji. Ila mzee, shemeji yangu Masasi aliondolewa hati baada ya kutanguliza tu. Wewe unazungumzia kupunguzwa.

Mhasibu_Mstaafu
Wapo wanaoondolewa, wapo wanaoambiwa walipe awamu mbili tatu kwanza. Inategemea historia ya mlipakodi na ofisi inavyomwona. Ndiyo maana nimeandika yote mawili.

Na kusamehewa riba kusiwekwe kwenye bajeti. Mwaka 2018 kulikuwa na msamaha maalumu wa riba na adhabu wa 100%, watu bado wanausubiri kama mvua. Wa kawaida unaombwa, na unaweza kunyimwa.

MtotoWaChuno
Nashukuru sana mzee, na dada wa Mtanda. Kesho naanza na kampuni ya pembejeo. Shida ni saluni: pango lake linatakiwa Ijumaa, na hiyo barua ya awamu haitakuwa imejibiwa. Alipe wapi?

DadaWaMtanda
Mamlaka. Hadi apate karatasi nyingine inayosema vinginevyo.

Mhasibu_Mstaafu
Ndiyo. Na hiyo 200,000 yake uitaje kwenye barua kama sehemu ya ile 360,000, ili mama atoe 160,000 tu mfukoni.