MREJESHO: Dalali wa Sinza aliyetaka elfu 20 ya kuonyeshwa nyumba

Niliuliza: "Dalali anataka nimtumie elfu 20 ndo anipeleke kuona chumba masta Sinza, kodi laki na nusu, nitume?"

Wakuu asanteni, sikutuma. Nilimwambia hela ntakupa mkononi tukiwa mlangoni, akaanza oh kuna mteja mwingine anakuja saa hizi, ofisi hairuhusu, tuma nusu basi. Nikamuomba picha ya geti na mtaa maana zile za kwanza zote zilikuwa za ndani tu, tailizi na jiko, akatuma geti jeusi.

Nikaenda na hiyo picha serikali ya mtaa, mjumbe akalijua geti akanipeleka. Mama mwenye nyumba kashangaa, wapangaji wote wapo, hakuna chumba kinachotoka na huyo dalali hamjui, ila akasema kuna watu washakuja kumgongea wameshalipa kabisa, iliniuma sana. Dalali wa kweli pale mtaani naye anachukua ya usumbufu lakini mnaongozana, mwenye nyumba anamjua, na hela yake kubwa ni kodi ya mwezi mmoja ukishapata.

Namba yake nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, akanibloku jioni ileile.