Maelezo binafsi ya skolashipu yamefika maneno 812, kikomo ni 500. Nikate wapi?

Ugani_Kongwa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni afisa ugani wa kata huku Kongwa, naomba skolashipu ya kusoma masta ya usalama wa chakula Uingereza. Fomu inataka nieleze kwa nini nimechagua kozi hiyo, nimefanya nini kinachoonyesha naifaa, na nikirudi nitaifanyia nini nchi. Mwisho maneno 500. Kisanduku hakina huruma, neno la 501 halipokelewi.

Nimeandika 812. Nimeondoa kila "sana" na kila "pia" niliyoiona, nikapunguza maneno kama arobaini tu, na sasa sentensi zimeanza kuchechemea. Mpangilio wangu ni huu: utoto na familia maneno 130, shule na chuo 150, kazi 210, kozi na chuo ninachokiomba 122, mipango nikirudi 140, shukrani kwa kamati 60.

Nawawekea kipande cha aya ya kazi, inayohusu sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi, kwa Kiswahili ili tuelewane wote:

"Katika kipindi changu chote cha utumishi nimekuwa nikijihusisha kwa karibu sana na masuala mbalimbali ya uhifadhi wa mazao baada ya mavuno, hususan zao la mahindi ambalo ni muhimu kwa wananchi wa wilaya yetu. Kutokana na changamoto ya sumukuvu, nilipata fursa ya kushirikiana na wadau kutoa elimu kwa wakulima kuhusu umuhimu wa kukausha mahindi vizuri. Kwa kuwa kata haikuwa na kipima unyevu, niliwafundisha kupima kwa chupa na chumvi, na kaya nyingi zilipokea elimu hiyo na kubadilika."

Dirisha linafungwa wiki ijayo. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Fomu

Mkuu, hiyo ni kazi ndogo. Futa utoto wote, futa shukrani zote, hapo umeshaokoa 190. Zinazobaki tumia vifupisho: TMDA, TBS, SUA, kila jina refu lifanye herufi. Halafu unganisha maneno kwa kistari au mkwaju. "Mkulima/mfanyabiashara" inahesabika neno moja. Mimi nilipita hivyo.

Chebet_Eldy

Mimi yangu ni ya Ujerumani, DAAD. Wao hawakunipa idadi ya maneno, wanataka barua ya motisha isizidi kurasa mbili, na yangu imefika mbili na nusu. Nikipunguza herufi hadi saizi 10 na kubana pembezoni, wataona? Nauliza hapa maana tatizo ni lile lile.

Mwl. Rehema

Habari zenu. Nimewahi kukaa kwenye jopo la kusoma maombi ya udhamini chuoni kwetu, kwa hiyo nitasema nilivyoona nikiwa upande wa msomaji.

Dada Chebet, wataona. Msomaji aliyeshika rundo la barua anaijua ile iliyobanwa kabla hajasoma neno la kwanza. Kata maudhui, herufi ziache saizi ya kawaida.

Mzee wa Fomu, kwenye utoto na shukrani uko sahihi. Vifupisho sikubaliani navyo. Msomaji aliyeko London hajui TMDA ni nini, na kumweleza kutakula maneno mengi kuliko uliyookoa. Mkwaju nao ni hatari, kwa sababu Word inaweza kuhesabu neno moja na fomu ikahesabu mawili. Mtu anabandika usiku wa mwisho, sentensi ya mwisho inakatwa katikati, naye hajui.

Sasa Ugani. Umeanza kukata kwa kung'oa neno moja moja, na ndiyo maana sentensi zinachechemea. Kutoka 812 kwenda 500 unatakiwa kuondoa zaidi ya theluthi, na theluthi haipatikani kwa kufuta "pia". Inapatikana kwa kuondoa hoja nzima. Chukua aya ya shule na chuo. Kwenye fomu hiyo hiyo kuna sehemu ya vyuo, miaka na alama, na CV umeambatisha. Maneno 150 yanarudia kitu ambacho msomaji amekiona ukurasa wa nyuma. Iondoe yote. Ukiongeza utoto na shukrani umeshatoa 340, unabaki na 472, na bado hujagusa aya ya kazi.

Hapo wengi wanashangilia na kutuma. Usitume. Aya ya kazi ndiyo nguvu yako na ndiyo imeandikwa vibaya kuliko zote. Sentensi mbili za mwanzo angeweza kuziandika afisa ugani yeyote nchini. Cha kwako peke yako ni ile chupa ya chumvi, na umeificha mwishoni. Nieleze kwa kirefu: mlifanyaje, na "kaya nyingi" ni ngapi? Umeandika popote?

Ugani_Kongwa

Asante sana mwalimu. Tunachukua chupa kavu ya kioo yenye mfuniko, tunatia mahindi na chumvi iliyokaushwa, tunatikisa kisha tunaiacha itulie kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 hivi, mkulima anarudisha mahindi juani. Isiposhika, anaweza kuhifadhi.

Kuhusu idadi, nina daftari. Nilifuatilia kaya 90. Msimu uliofuata, 61 zilikausha juu ya turubai badala ya kumwaga chini, na zilipima kabla ya kufunga magunia. Sikuziweka kwa sababu niliona kama najisifu, halafu 61 kati ya 90 si zote.

Mwl. Rehema

Ziweke. Si kujisifu, ndizo zinazomfanya msomaji akuamini, na "61 kati ya 90" inaaminika kuliko "kaya nyingi" hasa kwa sababu si zote. Kipande chako kilikuwa na maneno 75. Hiki hapa kina 40:

"Kata yetu haikuwa na kipima unyevu. Niliwafundisha wakulima kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa: chumvi ikiganda kwenye kuta, mahindi hayajakauka. Msimu uliofuata, kaya 61 kati ya 90 nilizozifuatilia zilikausha juu ya turubai na kupima kabla ya kufunga magunia."

Kimepungua karibu nusu na kimeongezeka habari. Wadau, fursa, changamoto na umuhimu vimeondoka, na hakuna atakayeviulizia. Kiingereza chake kitakuwa kirefu zaidi, "niliwafundisha" peke yake inatoa maneno matatu, kwa hiyo idadi ya kuamini ni ya rasimu ya Kiingereza tu.

Swali la pili, na hili ndilo kubwa. Hiyo chupa inakuambia kuna sumukuvu au hakuna?

Ugani_Kongwa

Hapana. Inaonyesha unyevu tu. Mahindi yanaweza kuwa yameshapata sumu tangu shambani, yakakaushwa vizuri, chupa ikayapitisha. Sumukuvu haionekani kwa macho, inahitaji kipimo cha maabara. Kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, utaionaje hiyo kwa chumvi? Ndiyo maana nataka hii kozi, ina somo la upimaji na la kupanga sampuli.

Mwl. Rehema

Sasa fungua aya yako ya kozi, uniambie kama hayo uliyoandika sasa hivi yamo.

Ugani_Kongwa

Hayamo. Nimeandika chuo kina historia ndefu, walimu mahiri na mazingira ya kimataifa.

Mwl. Rehema

Basi hapo pana maneno 122 yanayosifu chuo kwa watu wanaokijua kuliko wewe. Yafute, weka: chupa ilipima unyevu, haikuweza kugundua sumukuvu, na somo fulani la kozi hii linafundisha kile kilichonishinda. Taja somo kwa jina lake kama lilivyo kwenye ukurasa wa kozi. Mahali kazi yako ilipogota ndipo sababu ya kusoma inapoanzia, na sentensi ya aina hiyo inajibu maswali mawili ya fomu kwa mpigo. Ukibanwa na maneno, ilinde hiyo kuliko nyingine zote.

Mgao ningeupanga hivi: ufunguzi 30, kazi 200, kozi 130, kurudi 120. Jumla 480. Hizo 20 usizijaze, ni tahadhari ya fomu kuhesabu tofauti na Word.

Baba Neema

Mwalimu nakubaliana nawe, lakini utoto kuufuta wote sikubali. Kijana katoka familia ya wakulima. Bila hilo anaonekana mtaalamu tu wa ofisini. Sentensi moja iachwe.

Mwl. Rehema

Baba Neema, hapo watu wazima wanatofautiana, hata kwenye jopo letu tulitofautiana. Mimi naona sentensi ya utoto inastahili kubaki kama inabeba mahindi au sumukuvu. "Nilizaliwa katika familia ya wakulima wa kipato cha chini" iko kwenye nusu ya maombi niliyoyasoma.

Ugani_Kongwa

Na mlipuko wa 2016 je? Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka ule. Nimeutumia maneno karibu 80 kuueleza, sijui kama ni mengi.

Mwl. Rehema

Mengi. Lakini uache, tena uwe ufunguzi. "Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, nafanya kazi katika wilaya mojawapo ya Dodoma." Msomaji ameshajua ni suala la uhai, na hujatumia hata maneno 20. Dalili za ugonjwa na hatua za serikali ziache nje, swali linakuhusu wewe.

Mafunzo mengine uliyoendesha, yale ya viuatilifu na mifuko isiyopitisha hewa, usiyalilie. Mpelekee mdhamini wako anayekuandikia barua, umwombe ayataje. Barua yake haihesabiwi kwenye maneno yako.

Mzee wa Fomu

Hilo la mdhamini sikuwahi kulifikiria. Ila mwalimu, mipango ya kurudi 120 si kidogo? Wafadhili wanapenda ndoto kubwa.

Mwl. Rehema

Zinatosha kwa mpango mmoja wenye mahali na mhusika. Ugani, ni soko gani, kipimo gani, nani atakilipia? "Nitachangia maendeleo ya sekta ya kilimo" ni maneno sita bure.

Ugani_Kongwa

Nimekesha nayo. Sasa ziko 487 kwa Word, na nikibandika kwenye fomu inasoma 491, kwa hiyo ile tahadhari imesaidia. Mpango nimeuweka kwenye soko la Kibaigwa: kuchukua sampuli kwenye magunia kabla mahindi hayajachanganywa. Nani atalipia vipimo bado sina jibu la kuandika. Halmashauri? Wanunuzi wakubwa? Kama kuna mwenye uzoefu wa masoko ya nafaka anisaidie hapo, nina maneno tisa yamebaki na siku chache.

Chebet_Eldy

Ugani, huku kwetu wenye viwanda vya unga hupima lori likifika getini, na wakilikataa mwenye mzigo ndiye anayekula hasara. Pengine wafanyabiashara wa hapo Kibaigwa wangekubali kulipia mapema. Waulize kabla hujaandika.

Nami nimetoa aya ya shule kwenye barua yangu. Imefika kurasa mbili na mistari minne.