Naomba ushauri: nimweleweshe vipi mhasibu wetu uchakavu wa pikapu?

Wakuu, habari za Moshi. Dada anayetunza hesabu za duka letu la vifaa vya ujenzi hasomi Kiingereza, na taarifa ya fedha imekuja kwa Kiingereza. Pikapu ya shilingi 20,000,000 imeandikwa uchakavu wa asilimia 25 kwa salio linalopungua. Yeye anakata 5,000,000 kila mwaka, iishe baada ya miaka minne. Nimemwonyesha kuwa mwaka wa pili ni 3,750,000, kwa kuwa asilimia inapigwa kwenye 15,000,000 iliyobaki, na baada ya miaka minne bado kuna 6,328,125. Hilo kalielewa.

Anapokwama ni maelezo ya umri wa matumizi. Anadhani ni mpaka gari life, kumbe ni muda ambao duka linatarajia kulitumia. Nimwambie "muda wa kututumikia"? Nyie mnasemaje?