Waranti ya pampu: bosi anauliza faida imeenda wapi

Kijana wa Leja: Wakuu shikamooni. Naandaa hesabu za duka la pampu za maji, tunatoa waranti ya miaka 2. Mwaka 2023 tuliuza pampu 400. Nilipopekua daftari la fundi, miaka 3 ya nyuma ziliuzwa 900 zikarudi 72, yaani 8%, na kila moja ilitengenezwa kwa wastani wa 60,000. Kwa hiyo 31 Desemba nilikadiria zitarudi 32: nikadebiti gharama za waranti 1,920,000 na kukrediti provisheni ya waranti. Mwaka 2024 zimerudi 14, zimekula 910,000, nikaziweka kwenye gharama pia. Sasa bosi ananiangalia vibaya.

Baba Risiti: Achana na makadirio. Gharama unaandika siku fundi anapolipwa. Hata TRA hawakubali kupunguza kodi kwa pesa ambayo hujatumia.

Mama Hesabu: Baba Risiti, kwenye kodi uko sahihi: kwenye ritani provisheni inarudishwa kwenye faida. Lakini hesabu za duka ni jambo lingine. Pampu iliuzwa 2023, na ahadi ya kuitengeneza ilitolewa siku hiyo hiyo.

Kijana, kosa lako ni hiyo 910,000. Gharama yake ilishaandikwa 2023, wewe umeirudia. Iondoe, uandike hivi: debiti provisheni 910,000, krediti stoku ya vipuri 650,000 na krediti fedha 260,000 ya fundi (weka mgawanyo wako halisi, mimi nimekisia). Faida ya 2024 haiguswi. Provisheni inabaki 1,010,000.

Dula Simu: Mimi nauza simu, zikiharibika natuma kwa msambazaji anabadilisha bure. Kwa nini mnajitesa?

Mama Hesabu: Wewe waranti si yako, Dula. Yeye kaahidi mwenyewe.

Kijana wa Leja: Nimeelewa mama, asante. Hiyo 1,010,000 naiacha tu mpaka waranti iishe?

Mama Hesabu: Hapana, ipime upya. 910,000 kwa pampu 14 ni 65,000 kila moja, vipuri vimepanda. Kama bado unazitegemea 18, unahitaji 1,170,000. Ongeza 160,000 kwenye gharama za 2024. Vitabu vya 2023 usivifungue, kwa sababu yale yalikuwa makadirio ya haki kwa ulichojua wakati ule. Kisha pampu zilizouzwa 2024 zipate provisheni yao, kwa 65,000. Waranti ya 2023 ikiisha na salio likabaki, debiti provisheni, punguza gharama za mwaka huo.

Baba Risiti: Sawa, nimekusikia. Ila hizo 72, zote zilikuwa za waranti kweli? Pampu nyingi huungua kwa kuendeshwa kisima kikiwa kikavu, na hapo mteja analipa mwenyewe.

Kijana wa Leja: Duh. Daftari limeandika "imerudi" tu. Kesho namfuata fundi.